Megabiti 15 si Tiketi ya Kucheza Cyberpunk

Wadau, boom limeingia na matangazo nayo yameingia. Kuna karatasi imebandikwa kwenye nguzo za hosteli zetu kuanzia wiki iliyopita: "CHEZA GEMU LOLOTE KWENYE LAPTOPU YOYOTE. HUHITAJI KADI YA PICHA. MBPS 15 TU!" Chini yake namba ya simu, na bei ya elfu kumi kwa wiki kwa akaunti ya kucheza kwa seva za mbali. Jamaa wawili wa korido yangu wameshalipa. Wa tatu alikuja chumbani kuniuliza kama laptopu yake ya i3 yenye RAM ya GB 4 itaweza. Nikamwambia laptopu itaweza bila shida. Akafurahi. Nikamwambia hiyo siyo habari njema, akakasirika. Sasa naandika hapa ili nisirudie maelezo haya mlango kwa mlango.

Kwanza nimpe muuzaji haki yake, maana sipendi ugomvi wa uongo. Kuhusu laptopu anasema kweli. Gemu haliendeshwi kwako. Linaendeshwa kwenye kompyuta kubwa iliyoko mbali, na wewe unaletewa video ya kinachotokea. Laptopu yako kazi yake ni mbili: kufungua video hiyo na kurudisha vibonyezo vyako. Prosesa za Intel tangu mwaka 2011 zina sehemu maalumu ya kufungua video ya aina ya H.264, kwa hiyo hata ki-i3 cha mtumba kinafanya kazi hiyo huku feni imetulia. Hapo hatubishani.

Na hizo megabiti 15 nazo hakuzitunga. GeForce NOW, ambayo ndiyo huduma inayozungumzwa sana hapa, inasema yenyewe kwamba unahitaji Mbps 15 kwa picha ya 720p na Mbps 25 kwa 1080p, zote kwa picha 60 kwa sekunde. Ila kwenye ukurasa huohuo kuna sharti jingine ambalo karatasi ya kwenye nguzo imelimeza: kuchelewa kati yako na seva yao kuwe chini ya milisekunde 80, na wanashauri iwe chini ya 40. Yaani wametoa masharti mawili, muuzaji kachukua lile linalouzika.

Sasa tuingie darasani kidogo. Nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati, mtanisamehe.

Spidi na kuchelewa ni vitu viwili. Spidi ni upana wa bomba: kwa sekunde moja unapata maji kiasi gani. Kuchelewa ni urefu wa bomba: ukifungua koki leo, tone la kwanza linafika lini. Ukinunua bando nene umepanua bomba. Hujalifupisha hata sentimita moja.

Urefu wenyewe tuupige hesabu. Kwenye nyuzi za kioo za mkongo, mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hiyo ina maana kila kilomita 100 za umbali zinakula milisekunde 1 kwenda na kurudi. Kutoka Dar mpaka Frankfurt, ambako kuna seva za huduma hizi, mstari ulionyooka kama wa ndege ni karibu kilomita 7,000. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70, na hapo tumechukulia kwamba mkongo umenyooka kama rula na hakuna kifaa chochote njiani. Hali ya kwenye ndoto tayari imegusa ukuta wa 80. Lakini mkongo hauendi kama ndege. Unatoka Dar, unazunguka Bahari ya Hindi, unapanda Bahari ya Shamu, unakatiza Misri, unavuka Mediterania, ndipo uingie Ulaya. Mimi hapa hosteli nikipima mpaka Frankfurt napata kati ya 155 na 170, saa kumi alfajiri watu wote wakiwa wamelala. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika hukohuko Bahari ya Shamu, Seacom ukiwemo, na hali kama hiyo ikitokea data inalazimika kuzungukia njia nyingine.

Hakuna kampuni ya simu itakayokuuzia bando la kupunguza hizo 70. Wala VPN haitazipunguza, maana VPN haichimbi njia mpya chini ya bahari.

Hapa ndipo ninapokutana na hoja tatu, na zote nimezisikia wiki hii.

Ya kwanza: "Mbona speed test inanipa ping ya 6?" Ndugu yangu, angalia jina la seva uliyopimwa nayo. Programu ile inakuchagulia iliyo karibu, na iliyo karibu ipo hapahapa Dar. Umepima umbali wa kutoka hosteli mpaka mjini. Bonyeza sehemu ya kubadili seva, andika Frankfurt, pima tena, halafu uje tuongee. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu muuzaji anatembea na picha ya simu yenye hiyo 6 kama vile cheti.

Ya pili: "YouTube ya HD inapiga bila kukwama." Ni kweli, na haithibitishi chochote. Video ya YouTube imesharekodiwa, kwa hiyo laptopu inavuta sekunde kadhaa za mbele na kuziweka akiba. Mtandao ukiyumba unakula akiba, wewe hujui. Gemu haliwezi kuwekewa akiba, kwa kuwa picha inayofuata haijakuwepo. Inasubiri wewe ubonyeze nini. Kila picha lazima ifike sasa hivi, ikichelewa imepitwa.

Ya tatu ndiyo nzuri, na mwenye nayo ni jamaa anayejua gemu kweli: "Mimi nacheza mtandaoni na ping ya 150 kwenye seva za Ulaya na navumilia, kwa nini hapa nishindwe?" Enhee! Kwa sababu gemu likiwa limewekwa kwenye kompyuta yako, halisubiri seva ili likuonyeshe mwendo wako mwenyewe. Ukisukuma kipanya, mtu wako anageuka papo hapo kwenye kioo chako, halafu taarifa ndiyo inasafiri Ulaya. Kompyuta inabashiri, na mara nyingi inapatia. Ile 150 unaiona kwa wengine tu: umempiga risasi mtu hafi, au umekufa ukiwa umeshajificha. Kwenye gemu la kuletewa video, kwako hakuna gemu lolote la kubashiri. Hata kugeuza shingo kunasafiri mpaka Frankfurt na kurudi. 150 ileile, lakini sasa imekaa mkononi mwako.

Chukua mfano wa kuendesha gari kwenye Cyberpunk 2077, gemu ambalo hiyo i3 haiwezi hata kulifungua. Safari ya mtandao ni 160. Seva lazima ichore picha, na kwa picha 60 kwa sekunde kila moja ina milisekunde kama 17. Kibonyezo chako kinasubiri zamu, picha inachorwa, inabanwa kuwa video, inafika kwako, inafunguliwa, kioo kinaionyesha. Weka nyingine 70 kwa hayo yote. Jumla 230. Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa gari linakwenda mita 33 kwa sekunde. Basi tangu ukanyage breki mpaka uone kwenye kioo kwamba gari limeanza kutii, limeshakula karibu mita 8. Watu wanasema "gemu zito", "usukani unateleza". Usukani hauna kosa.

Na bado hatujaingia kwenye waifai ya hosteli. Frankfurt ikiwa 160 kila siku bila kubadilika, mkono ungeizoea kiasi. Kinachoua ni kuyumba: 160, 165, 410, 158, 290. Ubongo hauzoei kitu kama hicho. Kujua kama tatizo ni bahari au ni chumbani kwako, pima ruta yenyewe kwanza (andika namba ya ruta yako kama ni tofauti na hii):

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Majibu yakiwa 2, 3, 4 mpaka mwisho, chumbani kwako ni kuzima. Ukiona mara 3, mara 180, mara "Request timed out", basi hata seva ingekuwa Mwenge usingecheza. Kwangu mchana inatulia, lakini saa mbili usiku watu wakianza kushusha muvi inaruka mpaka 300 kabla data haijatoka hata nje ya jengo. Rudia kipimo huku mtu mwingine akishusha faili kubwa, ndipo utaona hali halisi. Dawa ya hapo ni waya kutoka kwenye ruta, au angalau waifai ya 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta. Picha ikipasuka vipande vipande vya mraba, data inapotea njiani. Picha ikiwa safi ila mkono unachelewa, ni umbali. Magonjwa mawili, msitibu moja kwa dawa ya jingine.

Sasa pesa. Mbps 15 gawanya kwa 8, zidisha sekunde 3,600: ni GB 6.75 kwa saa moja. Masaa mawili kila jioni kwa siku saba ni GB 94 na ushee. Anayetumia bando la simu alinganishe mwenyewe na boom lake, mimi nisije nikaonekana mchawi. Na kwenye GeForce NOW gemu lenyewe unatakiwa uwe umelinunua kwingine, jambo ambalo nalo kwenye nguzo halipo.

Je, hakuna kinachochezeka? Kipo. Civilization VI unasogeza jeshi, unafikiri, unasogeza tena. Robo ya sekunde humo hata huioni. Gemu za zamu kwa zamu na za hadithi za kuchagua majibu zinakwenda vizuri hata na 170, ruta ikitulia. Seva ingekuwa Johannesburg, mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,450, yaani milisekunde 25 za lazima, na hata mkongo ukizunguka mara mbili ya hapo bado uko chini ya 80. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: seva iko mji gani? Nilimpigia nikamuuliza. Akajibu "iko kwenye wingu, braza," akakata simu.

Jamaa wa i3 bado ana elfu kumi yake. Wale wawili waliolipa wamebakiza siku nne, na jana usiku niliwasikia ukutani wakilaumu kipanya.