Simu kwenye kioo: futa ukuta, usifute mtu

Kuna ombi moja ambalo kila mwenye kompyuta hapa mtaani amekwisha kulisikia. Mtu anakuletea picha aliyojipiga mbele ya kioo, ameshika simu, anasema: "Nitolee tu hiyo simu na mkono, ni kazi ya dakika mbili." Ukimwambia si dakika mbili anadhani unataka kumpandishia bei.

Leo nataka kuieleza hiyo kazi ilivyo, kisha niseme ninachokiamini. Ninaamini hivi: fremu ya kioo, ukuta na pazia unaweza kuvijenga upya bila kumdanganya mtu, kwa sababu ushahidi wake umebaki ndani ya picha. Uso na mwili hauwezi. Kipande cha mtu kilichofichwa na simu lazima kitoke kwenye picha nyingine ya mtu huyo huyo, au kisiwepo kabisa.

Nitatumia mfano mmoja niliofanya mwenyewe. Mama mmoja jirani yetu alifiwa na binti yake. Picha nzuri ya karibuni iliyokuwepo ni hiyo ya kioo. Binti amesimama mbele ya kabati la nguo lenye kioo mlangoni, gauni la kitenge, anatabasamu. Simu ameishika mkono wa kulia, karibu na shingo. Mama alitaka picha ya kukuza na kutundika sebuleni. Akaniambia, "Mwanangu, simtaki na hiyo simu. Nataka anitazame mimi." Utamkatalia vipi mama wa namna hiyo?

Kwanza niliiangalia picha bila kugusa kitu. Kuna kanuni moja ndogo ambayo wengi hawaifikirii. Simu unayoiona kwenye picha ya kioo ni kivuli chake ndani ya kioo. Kwa hiyo haiwezi kamwe kuifunika fremu, kwa kuwa fremu iko mbele ya kioo. Simu ikifika ukingoni inakatwa na fremu. Ukiona kitu kimepita juu ya fremu, basi hicho ni kitu halisi, kiko upande wetu, si kivuli.

Katika picha yangu kitu hicho kilikuwepo. Kona ya juu kulia ilikuwa na wingu la rangi ya ngozi, limefifia, limekula pembe yote ya fremu. Kilikuwa kidole chake mwenyewe, kimegusa pembeni ya lenzi. Kwa hiyo mkono ulikuwa umeingia mara mbili: mara moja kama kivuli ndani ya kioo, mara ya pili kama kidole halisi nje ya kioo. Hizo ni kazi mbili tofauti na nilizitenganisha kwenye tabaka mbili tangu mwanzo.

Mtu atauliza, kwa nini usikate tu hiyo kona? Kwa sababu kichwa kilikuwa karibu sana na fremu ya juu na bega la kulia lilikuwa karibu na fremu ya pembeni. Ningekata kona ningekata na bega. Chini nilikata, tena kwa furaha, nikaishia chini kidogo ya mabega. Hapo nikaondokana na kiwiko na sehemu kubwa ya mkono bila kubuni chochote. Mkasi ni rafiki mwaminifu kuliko brashi.

Tuanze na fremu. Mimi natumia GIMP, programu ya bure. Njia rahisi inayomjia kila mtu ni kunakili kona ya juu kushoto, kuigeuza, na kuibandika kulia. Nilijaribu ili nione. Kona ilikaa vizuri, lakini kuna kitu kilikataa. Dirisha la chumba kile lilikuwa kushoto, kwa hiyo ubao wa kushoto ulikuwa na mstari wa mwanga upande wa nje na ubao wa kulia ulikuwa na mwanga upande wa ndani. Ukigeuza kona unageuza na mwanga. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini, ila atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Nikafanya kama anavyofanya fundi seremala. Ubao wa juu niliunyoosha kutoka katikati yake kwenda kulia. Ubao wa kulia niliunyoosha kutoka chini kwenda juu. Kila mmoja kwenye tabaka lake. Kisha nikavikata pale vinapokutana, kwa mstari wa mshazari unaotoka pembe ya nje hadi pembe ya ndani. Hivyo ndivyo fremu ya mbao inavyoungwa hata kiwandani, na kila ubao ukabaki na mwanga wake.

Mtego hapo ni upana. Binti aliiinamisha simu kidogo, kwa hiyo ubao wa kulia ulikuwa unapungua upana kadiri unavyopanda. Nilipima: kwa chini pikseli 60, katikati pikseli 54. Maana yake pale kwenye kona unatakiwa uwe kama 48. Ukipandisha kipande cha chini kama kilivyo utapata fremu iliyovimba juu. Kifaa kinachoitwa `Perspective` kinakuruhusu kubana ncha moja hadi ifuate mstari. Mstari wenyewe unaupata kwa kufuata ukingo wa ubao ule uliobaki mzima.

Na wingu la kidole usilifute pale macho yanapoona limeishia. Kidole kilicho karibu na lenzi kinamwaga ukungu wa rangi mbele ya mpaka wake. Nilifuta hadi pale rangi ya ubao iliporudi kuwa ileile ya kushoto. Bila hivyo unabaki na doa jekundujekundu ambalo kwenye simu halionekani, ila ukiikuza picha linakuja.

Ndani ya kioo, nyuma ya simu, kulikuwa na pazia. Pazia lina mikunjo ya wima, na hiyo ni bahati. Kila mkunjo ulioingia juu ya simu ulitokea chini ya simu. Kazi ikawa kuunganisha ncha mbili zinazojulikana. Hapo nilitumia `Clone`, ambayo inanakili sehemu moja kwenda nyingine kama ilivyo. Kuna na `Heal`, inayonakili na kuchanganya rangi na majirani. Hiyo ni nzuri katikati ya eneo tulivu, lakini ukiipeleka karibu na ukingo mweusi kama wa fremu, inauvuta ule weusi na kuupaka kwenye pazia kama masizi. Ukingoni tumia `Clone`, katikati `Heal`.

Kosa jingine ninaloliona sana kwenye picha za mtaani ni fundi kuchukua ukuta halisi ulio nje ya kioo na kujazia ndani ya kioo. Ukuta ni uleule, lakini rangi si ileile. Kioo cha kawaida kina ukijani kidogo, kina vumbi na alama za vidole. Kilichoko ndani kijazwe kwa cha ndani, na cha nje kwa cha nje.

Hadi hapo sikuwa nimemdanganya mtu. Sasa tukafika pagumu. Kidole gumba kilikuwa kimeficha kipande cha taya la kulia, na simu ilikuwa imeficha ukosi wa gauni na bega. Hapa ndipo mafundi wengi wanapogeuza upande wa kushoto wa uso na kuubandika kulia. Jamani, nyuso hazilingani pande mbili. Mgeni hatagundua, lakini mama aliyemnyonyesha mtoto huyo atagundua, au mbaya zaidi, baada ya mwaka atazoea taya ambalo mwanawe hakuwa nalo.

Nikamuuliza mama, simu ya marehemu ipo? Ipo. Nani anajipiga picha moja tu mbele ya kioo? Tulikuta nne za dakika ileile. Katika ya pili alikuwa ameshusha mkono hadi kifuani. Taya lilikuwa wazi, ukosi wazi, bega wazi. Nikavichukua vipande hivyo, nikavipunguza ukubwa kidogo maana alikuwa amesogea karibu, nikavipachika. Kila kilichomo katika uso ule ni chake. Kama picha ya pili isingekuwepo, ningemwambia mama tuache simu ibaki. Nasema hivyo kwa dhati.

Macho nayo sikuyagusa. Anayejipiga kwenye kioo huangalia skrini ya simu yake, si lenzi, kwa hiyo ukiondoa simu anabaki anatazama pembeni. Mama alitaka amtazame yeye. Nilimweleza kwamba hilo haliwezekani bila kumchorea macho mengine, akanyamaza kidogo, akasema basi.

Jambo la mwisho kwenye picha yenyewe: picha ya kioo imegeuka. Alama ya shavu la kushoto hukaa kushoto mwa picha, wakati kwa mtu anayekutazama ingekaa kulia. Marehemu alijijua kwa sura ya kioo, mama alimjua kwa sura ya ana kwa ana. Nilitumia `Image > Transform > Flip Horizontally`, na mama alipoiona akasema, "Sasa ndiye." Na kwa tangazo la mtu aliyepotea, upande wa kovu ni jambo la kumtambua mtu, si urembo.

Sasa wenzangu wa magazetini. Januari 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpiga picha Narciso Contreras, mmoja wa walioshinda Pulitzer kwa picha za Syria. Alikuwa amefuta kamera ya video ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha moja, akajazia ardhi. Kamera tu, pembeni. Wapo walioona adhabu ni kali. Mimi naona ilikuwa sawa, kwa sababu picha ya habari inasema "hivi ndivyo ilivyokuwa hapo". Picha ya sebuleni inasema "hivi ndivyo tunavyomkumbuka". Ni ahadi mbili tofauti.

Kwa hiyo picha ya mama yule ikija kama tangazo la tanzia la familia, naipitisha. Ikija kama picha ya habari ya tukio, naomba ile yenye simu, kidole na kila kitu. Ndiyo maana faili la mwanzo halifutwi, na nyuma ya ile iliyotundikwa niliandika kwa kalamu vitu vilivyobadilishwa: simu, kidole, pazia, kona ya fremu, na kwamba taya na bega vimetoka picha ya pili.

Na ninyi mnaojipiga kwenye kioo, pigeni mbili: moja na mkono juu, moja na mkono chini. Hamjui nani atakuja kuzihitaji.

Nawasilisha. Anayeona nimekuwa mkali mno kwa mafundi wetu aseme.