Somo la tatu katika Gredi ya 10



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja anayekaa Ayany, Kibera, ametuletea swali ambalo bila shaka limo katika nyumba nyingi za huku Mwambao pia. Binti yake yumo Gredi ya 9. Sayansi aziweza, ila hajajua kama moyo wake umeelekea udaktari au uhandisi. Baba yake ataka aendelee na somo la Dini ya Kiislamu hadi mwisho. Mama auliza: je, yawezekana kumridhisha baba pasi na kumfungia mtoto milango?

Katika mfumo wa kidato cha nne jambo hili halikuwa zito. Mwanafunzi aliweza kubeba Biolojia, Kemia na Fizikia, akaongeza na Dini. Mfumo mpya una masomo saba, na manne kati yake ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Yabaki matatu tu ya kuchagua. Kwa hivyo Dini ikiingia, sayansi moja hutoka.

Kabla ya hayo matatu, litazamwe suala la Hisabati. Anayeingia mkondo wa sayansi husoma Hisabati kamili. Anayeingia mkondo wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo, husoma Hisabati nyepesi ya matumizi ya kila siku. Mlango huu hufungika kimya, kwani mzazi huona neno "Hisabati" kwenye ripoti akadhani ni ileile. Binti huyu na abaki mkondo wa sayansi.

Sasa tupime kwa masharti ambayo KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, imekuwa ikiyatumia kwa wenye KCSE. Udaktari wataka Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Uhandisi wataka Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo jingine moja. Sheria yataka lugha kwanza, na ndani ya hesabu yake limo somo moja la fani za jamii. Dini ya Kiislamu huhesabiwa humo.

Akichukua Biolojia, Kemia na Fizikia, udaktari na uhandisi vyote vibaki wazi. Sheria ndiyo itakayopungukiwa na somo la jamii. Akichukua Biolojia, Kemia na Dini, udaktari, uuguzi na sheria vibaki, kwa kuwa Hisabati husimama mahali pa Fizikia. Kinachoondoka ni uhandisi. Akichukua Fizikia, Kemia na Dini, uhandisi hubaki na udaktari huondoka. Angalieni kwamba Kemia imo katika njia zote tatu. Hiyo ndiyo isiyofaa kuachwa.

Masharti hayo yalitungwa kwa ajili ya KCSE. Wanafunzi waliotangulia kuingia Gredi ya 10, Januari 2026, watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na vyuo vyaweza kuyarekebisha. Hata hivyo, chuo kitakachofundisha uhandisi kwa asiyejua Fizikia ni vigumu kukifikiria.

Jibu langu kwa mama basi ni hili. Maadamu binti hajaamua baina ya udaktari na uhandisi, na achukue sayansi tatu, na Dini aisome madrasa kwa ratiba isiyovunjwa. Fizikia haina madrasa ya jioni, Dini inayo. Imam Ghazali katika Ihyaa aliihesabu elimu ya tiba na ya hisabu kuwa faradhi ya kutosheleza, ambayo mji mzima hupata dhambi ukikosa mwenye kuijua. Baba asione kuwa binti ameiacha dini. Lakini ikiwa binti mwenyewe atasema uhandisi hautaki kabisa, Biolojia, Kemia na Dini ni mchanganyiko mzuri, na baba atakuwa ameridhika.

Kabla ya kujaza shule, mama aende akaulize mambo mawili. Kwanza, je, mchanganyiko huo umo katika orodha ya shule ile? Si kila shule hufundisha kila mchanganyiko. Pili, je, mwalimu wa Fizikia yupo, na maabara hutumika? Aombe kuliona daftari la majaribio la mwanafunzi aliye mbele. Likiwa tupu, jina la somo lipo lakini somo halipo, na alama zitakuja kusema hivyo.

Kisha wakae watatu, baba, mama na binti, washauriane, na binti mwenyewe aswali istikhara. Yeye ndiye atakayekaa darasani miaka mitatu.

Wabillahi tawfiiq.