Saa Moja Usiku, Lakini ya Wapi?

Mwaka huu maongezi yetu ya Alhamisi yatakuwa na watu wa miji minne. Sisi wenyewe tuko London. Wenzetu wa Dar es Salaam watakusanyika katika chumba cha kompyuta cha chuo chao, ambacho hufungwa saa mbili na nusu usiku. Mwalimu mmoja mstaafu atajiunga nasi kutoka Maskati, na wanafunzi wawili wa Kiswahili kutoka Madison, Marekani. Tumekubaliana kuanza Alhamisi tarehe 8 Oktoba 2026, saa moja usiku ya Dar es Salaam, kwa muda wa dakika sitini.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kutengeneza kalenda ya pamoja kwa kazi hiyo. Tunatumia Google Calendar kwa sababu wengi wetu tunayo tayari kwenye simu. Anayetumia programu nyingine atakuta vitufe vyenye majina mengine, lakini mambo ya kuamua ni yale yale.

Kabla ya kugusa kompyuta, tukubaliane kwanza maneno. Mwenzetu wa Dar akisema "saa moja usiku", mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huku London anaweza kuandika 1:00 bila kusita. Wote tunajua kanuni ya kuongeza au kupunguza sita, lakini mtu mwenye haraka husahau. Kwa hiyo kila tukio katika kalenda yetu litaandikwa saa kwa namna zote mbili, pamoja na jina la mji: "saa 1 usiku (19:00) Dar es Salaam". Siku nayo ina mtego wake. Kwa hesabu ya wazee wa pwani, siku mpya huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Alhamisi hiyo wao huuita usiku wa Ijumaa, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwalimu wetu wa Maskati akiambiwa "usiku wa Alhamisi" ana haki ya kutufungulia mlango Jumatano. Dawa ni kuandika tarehe kwa tarakimu kila mara, wala tusitegemee jina la siku peke yake.

Sasa tuifungue kalenda. Fanya kazi hii kwenye kompyuta, maana kwenye programu ya simu hutapata mipangilio yote. Upande wa kushoto, karibu na maneno `Other calendars`, kuna alama ya kujumlisha. Ibonyeze, chagua `Create new calendar`, ipe jina, na mahali pa `Time zone` weka saa za Dar es Salaam au za Nairobi. Miji hiyo miwili huenda pamoja mwaka mzima.

Swali la kujiuliza hapo ni akaunti ya nani itakayoimiliki. Tunashauri iwe akaunti ya chama, isiwe ya mwanachama. Akaunti ya chuo ya mwanafunzi hufungwa baada ya yeye kuhitimu, na kalenda iliyo mikononi mwake inaweza kuondoka naye. Tena vyuo vingi vimezuia akaunti zao kuwaonyesha watu wa nje mambo ya ndani ya kalenda. Dalili yake ni hii: mwenzako wa Dar anaona kisanduku kilichoandikwa `busy` tu, bila jina la mkutano wala kiungo. Ukiona hivyo usihangaike na simu yake, kwani kizuizi kiko kwako.

Kisha ongeza wenzako kwa barua pepe kwenye sehemu ya kushirikisha watu, na umpe kila mmoja uwezo unaomfaa. Wanachama wa kawaida wapewe `See all event details`, yaani waone kila kitu lakini wasibadilishe. Katibu na msaidizi wake wapewe `Make changes and manage sharing`. Wawili wanatosha; mmoja akiugua wakati wa mitihani, mwingine yupo. Kila aliyeongezwa hupokea barua, na ni lazima abonyeze kiungo kilichomo ili kalenda itokee kwake. Ambaye hajabonyeza hajaingia, hata kama jina lake liko kwenye orodha.

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Afrika Mashariki haisogezi saa. Maskati nayo haisogezi. London hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwaka huu tarehe 25. Madison hurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwaka huu tarehe 1. Katikati kuna wiki moja ambayo London imekwisha kurudi na Madison bado.

Mkutano unaorudiwa kila wiki ni lazima ufungwe kwenye saa ya mji mmoja. Mji huo hautaona badiliko lolote, na miji mingine itaufuata. Tatizo ni kwamba kalenda haikuulizi uufunge wapi. Katibu aliyeko London, ambaye kompyuta yake ina saa za London, akiandika saa 5:00pm kwa siku ya 8 Oktoba, mkutano unaweza kufungwa London kimyakimya. Wiki tatu za kwanza hakuna atakayegundua, kwa sababu saa kumi na moja jioni ya London wakati huo ni saa moja usiku ya Dar. Lakini Alhamisi ya 29 Oktoba, saa ile ile ya London itakuwa saa mbili usiku Dar na saa tatu usiku Maskati. Wenzetu wa Dar wataingia kwenye maongezi saa mbili, na nusu saa baadaye mlinzi atakuja kuzima taa.

Ndiyo maana tunaufunga Dar es Salaam. Kuna watu huko ambao mlango wao hauongezeki hata dakika, na nchi yao haisogezi saa. Sisi ambao saa zetu zinasogezwa ndio tubebe usumbufu wake. Hivi ndivyo ratiba itakavyosomeka kwa kila mmoja:

Tarehe 8, 15 na 22 Oktoba: Dar 19:00, Maskati 20:00, London 17:00, Madison 11:00.

Tarehe 29 Oktoba: Dar 19:00, Maskati 20:00, London 16:00, Madison 11:00.

Kuanzia 5 Novemba: Dar 19:00, Maskati 20:00, London 16:00, Madison 10:00.

Usumbufu huo si wa kupuuzwa. Mwanachama wa London mwenye kipindi kinachoisha saa kumi na nusu jioni atafika bila shida Oktoba, kisha kuanzia tarehe 29 atachelewa kila wiki. Afadhali ajue leo na kusema, kuliko kushangaa siku hiyo.

Kwa vitendo, unapounda tukio, fungua ukurasa wake kamili na ubonyeze maneno `Time zone` yaliyo karibu na saa. Chagua Dar es Salaam au Nairobi kwanza, ndipo uandike 7:00pm. Chagua kwa jina la mji, si kwa namba ya tofauti ya saa, kwa sababu namba haijui nani anasogeza saa na lini. Halafu mahali palipoandikwa `Does not repeat`, chagua kurudia kila wiki siku ya Alhamisi, na uweke tarehe ya mwisho wa muhula.

Ukimaliza, jipime. Ukiwa London, sogeza kalenda mbele mpaka tarehe 29 Oktoba utazame. Ukiona mkutano umeandikwa 4pm, umeufunga Dar. Ukiona bado ni 5pm, umeufunga London. Rudi ukarekebishe, na ukiulizwa badiliko lihusu nini, chagua `All events`. Katika `Settings` unaweza pia kuonyesha saa za eneo la pili, ukaliita "Dar". Safu ya pili ya saa itatokea kando ya kalenda yako, na hutahitaji kuhesabu kwa vidole.

Yabaki mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kushirikishwa kalenda na kualikwa. Kushirikishwa ni kama kuonyeshwa ubao wa matangazo. Unaona yaliyobandikwa, lakini hakuna anayesubiri jibu lako. Kualikwa ni kupelekewa kadi. Tukio huingia kwenye kalenda yako mwenyewe kwa saa za mji wako, na unajibu `Yes`, `No` au `Maybe`. Kwa wanachama wa kila wiki ubao unatosha. Mwaliko tunauweka kwa yule ambaye bila yeye hakuna kipindi, kama vile mgeni wa wiki hiyo. Mwongeze kwenye `Add guests` katika tukio la siku yake tu, na ukihifadhi chagua `This event`. Ukichagua lote, mgeni wa siku moja atajikuta na Alhamisi zote za muhula. Kisha bonyeza `Send`, maana usipotuma barua mgeni anaweza asijue kabisa.

Kwa wageni ondoa pia alama kwenye `Modify event`, ili mtu asisogeze kipindi cha wote kwa kuburuta kidole kwenye simu. Na mgeni ambaye hajajibu siku tatu kabla, apigiwe simu. Kwa mwalimu aliyestaafu simu ndiyo adabu. Kadi ya kompyuta ni kumbukumbu tu.

La mwisho ni vikumbusho. Katibu akiweka kengele ya nusu saa kabla kwenye kalenda ya pamoja, italia kwake peke yake. Kila mmoja hujiwekea yake. Fungua `Settings`, bonyeza jina la kalenda ya chama, tafuta `Event notifications`, na uweke viwili: kimoja siku moja kabla, kingine dakika 30 kabla. Cha kwanza hukupa nafasi ya kuomba udhuru na cha pili hukunyanyua kitini. Hakikisha pia kwamba simu yako imeruhusu programu hiyo kutoa arifa, kwa sababu simu nyingi huzinyamazisha ili kutunza betri.

Kwa hiyo Jumatatu tarehe 5 Oktoba, saa moja usiku (19:00) ya Dar, ambayo ni saa kumi na moja jioni (17:00) hapa London, tutaweka tukio la majaribio liitwalo "Kengele". Hakuna mkutano siku hiyo. Ikifika nusu saa kabla, tuandikie umeona saa ngapi kwenye kalenda yako na kama simu imelia. Ambaye haikulia, tutakuwa na siku mbili za kumsaidia kabla ya Alhamisi.