Wosia Uliokaa Kimya: Mtoto Mwenye Ulemavu na Ombwe la Sheria Yetu ya Mirathi

Miongoni mwa mambo ambayo sheria yetu ya mirathi haijayajibu, lipo moja linalowahusu watu wasio na sauti kubwa: mtoto mtu mzima mwenye ulemavu, aliyeishi kwa mkono wa baba au mama yake, ambaye baada ya mazishi anagundua kwamba wosia haukumtaja. Je, anaweza kwenda mahakamani na kusema, si kwamba wosia ni wa kughushi, bali kwamba wosia huu halali umeniacha sina chakula? Kwa Mtanzania, jibu linategemea swali ambalo halihusiani kabisa na njaa yake, yaani marehemu aliishi maisha ya namna gani.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mgeni kwa yeyote aliyekaa Nyakato. Mzee mmoja, Msukuma na Mkristo, amestaafu kazi ya kiwandani. Ana nyumba ya vyumba vinane. Viwili wanaishi wenyewe, na sita amepangisha kwa shilingi 40,000 kila kimoja. Kodi hiyo, shilingi 240,000 kwa mwezi, ndiyo inayolisha nyumba. Ana watoto wa kiume wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Geita, na binti wa miaka 36 ambaye hawezi kutembea wala kutumia mkono wa kulia tangu utotoni. Binti hajawahi kuishi kwingine. Mzee anafariki, wosia unafunguliwa, na nyumba yote imeachwa kwa wana wawili. Binti hakutajwa, kwa wema wala kwa ubaya. Huenda mzee aliamini kwamba kaka zake watamtunza. Wosia, hata hivyo, haugawi imani, unagawa nyumba.

Kwanza, kuna njia ya mila. Sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, Wasukuma wakiwamo, ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Kanuni zake za wosia ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye kuusia hawezi kumnyima mrithi wake urithi kwa kukaa kimya. Lazima aseme wazi kwamba anamnyima, na ataje sababu. Sababu zinazokubalika ni chache na nzito: mrithi kuzini na mke wa mwenye kuusia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya, au kumtelekeza katika njaa na ugonjwa bila sababu ya haki. Mrithi mwenyewe lazima apewe nafasi ya kujitetea. Sababu ikikosekana, wosia unavunjwa na mali inagawanywa kana kwamba haukuwapo. Kwa kanuni hizo, wosia wa mzee wetu hausimami. Ulemavu si kosa, na kimya si sababu.

Ushindi huo, hata hivyo, una kasoro yake. Wosia ukivunjwa, binti anarudi katika mpango wa kawaida wa urithi wa kimila, ambao umewapanga warithi kwa madaraja na kuwaweka mabinti katika daraja la tatu, la mwisho, lenye fungu dogo kuliko yote. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu hapa Mwanza, katika hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990 katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ilisema mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia ana haki sawa na mwanamume ya kuliuza, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Hukumu hiyo ni fahari ya ukanda huu wa Ziwa. Lakini ilihusu kuuza ardhi ya ukoo. Haikuyafuta madaraja ya mwaka 1963, ambayo yamebaki katika vitabu.

Pili, kuna njia ya sheria ya Kiislamu. Kama mzee angekuwa Mwislamu, swali lingekuwa rahisi zaidi. Wosia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali, wala hauwezi kumpendelea mrithi mmoja bila ridhaa ya wengine. Binti angepata fungu lake apende baba asipende. Upungufu ni kwamba fungu hilo halipimwi kwa haja. Binti asiyeweza kujitafutia anapata kile kile ambacho angepata akiwa mzima mwenye duka sokoni Buzuruga.

Tatu, na hapa ndipo penye shimo, kuna sheria ya maandishi. Ikiwa mahakama itaona kwamba marehemu aliacha maisha ya kimila, mali yake itaongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa Tanganyika na Waingereza na inayotumika hadi leo. Sheria hiyo inasema, kwa ufupi, kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuusia mali yake apendavyo. Inadai saini na mashahidi wawili. Haidai kwamba amkumbuke mtoto wake. Jaji anayeitumia anaweza kuuliza kama wosia ni wa kweli. Hana mamlaka ya kuuliza kama unatosha.

Sasa tazama kinachotokea mahakamani. Wana wawili watasema baba yao alikuwa mtu wa mjini: alifunga ndoa kanisani, alifanya kazi kiwandani, hakuwahi kushiriki matambiko, na wosia wake umeandikwa na wakili. Binti atalazimika kuthibitisha kwamba baba alibaki Msukuma wa mila: alitoa ng'ombe wa mahari, alihudhuria vikao vya ukoo, alikuwa na shamba kijijini. Kipimo hiki cha mtindo wa maisha kilitumika katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi mwaka 1969, na bado ndicho tunachokitumia. Ndiyo kusema, chakula cha binti kinaamuliwa kwa ushahidi wa ng'ombe. Kadiri baba alivyokuwa wa mjini zaidi, ndivyo mtoto wake anavyokuwa na kinga ndogo zaidi.

Akishindwa hapo, binti anabakiwa na silaha moja: kuushambulia wosia wenyewe. Atasema saini si ya baba, au baba alikuwa mgonjwa hajitambui, au kaka alimshinikiza. Pengine hakuna lililo kweli kati ya hayo. Kosa la sheria isiyo na mlango wa haja ni hilo: inamlazimisha mwenye njaa aingie kwa mlango wa kughushi. Ndugu wanaitana waongo mbele ya hakimu kwa sababu sheria haikuwapa nafasi ya kusema jambo la kweli na jepesi, kwamba baba alisahau.

Shimo hili lina historia. Waingereza waliotuletea uhuru huo wa kuusia waliupunguza kwao mwaka 1938, walipotunga sheria iliyowaruhusu wategemezi kuomba matunzo kutoka katika mali ya marehemu licha ya wosia. Miongoni mwa waliotajwa waziwazi ni mtoto, hata mtu mzima, asiyeweza kujikimu kwa sababu ya ulemavu wa mwili au akili. Lakini sheria za Uingereza zilizopokewa Tanganyika ni zile zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Ugonjwa uliingia bandarini. Dawa ilipatikana miaka kumi na minane baadaye, na sisi hatukuiagiza.

Majirani waliiagiza. Sheria ya Urithi ya Kenya, katika vifungu vya 26 hadi 30, inamruhusu mtegemezi kuiomba mahakama imtengee matunzo ya kutosha pale wosia unapomwacha. Mtoto wa marehemu ni mtegemezi, awe alikuwa akitunzwa naye au la. Mahakama inatazama ukubwa wa mali, kipato cha mwombaji, mahitaji yake ya sasa na ya baadaye, mwenendo wake kwa marehemu, na hali ya warithi wengine. Inaweza kumpa sehemu maalumu ya mali, fedha kwa mkupuo, au malipo ya kila kipindi. Mpaka upo pia: ombi haliwezi kuletwa baada ya hati ya usimamizi kuthibitishwa, ili warithi wasikae na wasiwasi milele. Mwaka 1996, katika shauri la mirathi ya Ndolo, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza kwamba uhuru wa kuusia upo, lakini ni uhuru unaobeba wajibu kwa wategemezi. Uganda nayo ina masharti ya aina hiyo katika sheria yake ya urithi.

Kwa mfano wetu, jaji wa Kenya asingehitaji kuuvunja wosia. Angeweza kuwaachia wana nyumba na kuamuru binti abaki na chumba chake maisha yake yote, pamoja na kodi ya vyumba vitatu, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi. Hakuna anayeitwa mwongo, na nia ya baba haikutupwa.

Wapo wanaosema mali ni ya mzee na ana haki ya kumpa amtakaye. Hoja hiyo ina uzito, lakini sheria yetu yenyewe imekwisha kuikataa kwa nusu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumnyima mtoto manufaa yanayostahili kutoka katika mali ya mzazi wake. Mtoto huyo, hata hivyo, ni wa chini ya miaka 18. Binti wa Nyakato alipotimiza miaka 18 hakuanza kutembea. Kama sababu ya kinga ni kutoweza kujitegemea, umri ni kipimo kibovu cha sababu hiyo.

Kinachotakiwa ni sehemu fupi ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352: itaje mtegemezi ni nani, bila kujali mila wala dini ya marehemu iwapo ameachwa bila matunzo; ieleze mambo ya kupimwa; iruhusu malipo ya kila mwezi; na iweke ukomo wa muda. Waislamu wanaweza kuwa na hoja yao kuhusu mafungu, na wasikilizwe.

Hadi siku hiyo, aliye katika hali ya binti huyu asikae kimya wakati wa tangazo la mirathi, maana pingamizi kabla ya uteuzi wa msimamizi ni jepesi kuliko kesi ya kumwondoa. Asiweke dole gumba kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo asioelewa. Na kama shauri lipo mahakama ya mwanzo, aulize baada ya miezi minne orodha ya mali iko wapi, kwa kuwa msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya muda huo. Hatua hizi hazimpi haki ambayo sheria imemnyima. Zinazuia tu nyumba isiuzwe kabla hakimu hajajua kwamba ndani yake kuna mtu.