Duka Lako Lipo Kwenye Ramani, Lakini Ufunguo Kashika Nani?

Ndugu mfanyabiashara, kabla hujaendelea kusoma, chukua simu janja, iwe yako au ya mwanao. Fungua ramani ya Google, andika jina la duka lako na jina la kijiji au mji mdogo ulipo. Wengine mtaona patupu. Lakini wapo watakaoshangaa: duka lipo, lina picha ya mlango, lina namba ya simu na hata nyota za wateja, na mwenyewe hukuwahi kuandika chochote.

Hakuna uchawi hapo. Ramani ile inamruhusu mtu yeyote kuongeza mahali ambapo hapaonekani, na mtu yeyote kupendekeza marekebisho ya jina, simu au saa za kufungua. Huenda ni mteja aliyepita, dereva wa lori, au kijana wa jirani aliyetaka kusaidia. Duka linabaki pale, likisemewa na watu wasio na hasara yoyote wakikosea.

Maoni yangu ni haya, na ninayasema wazi kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa unaanzia upande wa pili: usilipe mtu akutengenezee tovuti kabla hujachukua umiliki wa duka lako kwenye ramani. Na ukiuchukua, uchukue kwa akaunti yako mwenyewe, si ya fundi wala ya kijana wa steshenari. Huduma yenyewe ni bure. Mtu akikupigia akidai ada ili duka lako "lisifutwe Google", mkatie simu.

Mteja anatafuta nini

Chukua mfano wa duka la pembejeo pale Ilula, wilayani Kilolo, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Wateja wa hapo hapo hawahitaji ramani, wanamjua mwenye duka kwa jina la mtoto wake. Anayehitaji ramani ni mkulima wa nyanya wa kata ya mbali aliyeona majani yanaungua kwa ukungu asubuhi. Ugonjwa ule hausubiri gulio la wiki ijayo. Anaandika kwenye simu "duka la pembejeo Ilula", anaona majina mawili matatu, anapiga la kwanza linalopokea, kisha anapanda bodaboda.

Google yenyewe inaeleza kwamba katika kupanga majina hayo inaangalia mambo matatu: duka linahusianaje na kilichotafutwa, liko umbali gani na anayetafuta, na linafahamika kiasi gani, ikiwemo maoni ya wateja. Hakuna malipo ya kukupandisha kwenye orodha hiyo ya kawaida. Sasa tuseme duka letu limeandikwa aina ya biashara kuwa "Store" tu, alama yake imekaa ng'ambo ya barabara mita mia nne kutoka lilipo, na namba ya simu ni laini iliyopotea miaka miwili nyuma. Kwenye uhusiano limekosa, kwenye umbali limedanganya, na mteja aliyelipata bado hampati mwenye duka. Tovuti nzuri namna gani ingerekebisha hayo?

Hatari nyingine ni kubwa zaidi. Namba ya simu ikibadilishwa na mwenye nia mbaya, mkulima atapiga akiamini anaongea na wewe, ataambiwa atume pesa ya mifuko mitano ya mbolea, na atatuma. Atakayedaiwa mlangoni ni wewe.

Namna ya kuchukua umiliki

Ingia kwenye simu kwa akaunti ya Gmail iliyo yako, ambayo nywila yake unaijua na namba ya kuirejesha ni laini unayoitumia. Fungua duka lako kwenye ramani, shuka chini hadi uone maneno "Claim this business" au "Own this business?". Bonyeza, kisha fuata maelezo. Kama duka halipo kabisa, ingia business.google.com uliongeze.

Baada ya hapo utatakiwa kuthibitisha kwamba duka ni lako. Njia huchaguliwa na Google, si wewe. Wengine hupewa njia ya simu au ujumbe mfupi, lakini siku hizi wengi huombwa video, na hapo ndipo watu hukwama.

Video iwe moja, bila kukatwa wala kuunganishwa, isipungue sekunde thelathini. Inatakiwa ionyeshe mambo matatu. Kwanza, mahali: anzia nje barabarani, onyesha kibao cha mtaa kama kipo, maduka ya jirani, msikiti, kanisa au stendi, ili anayekagua alinganishe na ramani. Pili, biashara yenyewe: bango lenye jina lile lile uliloandika, kisha rafu za mbegu na mifuko ya mbolea. Tatu, kwamba wewe ndiye msimamizi: fungua kufuli la mlango kwa ufunguo wako, ingia nyuma ya kaunta au stoo ambako mteja haingii, onyesha leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani. Uso wako hauhitajiki. Usionyeshe nyuso za wateja, namba za kitambulisho, za akaunti ya benki wala za kodi.

Mwenye duka wetu wa Ilula angekwama kwenye jambo la pili. Bango lake limefutika kwa jua, halisomeki. Hapo dawa ni kumwita mchoraji aandike jina upya kabla ya kupiga video, kwa kuwa video bila jina linalosomeka hurudishwa mara nyingi. Hakikisha pia una bando la kutosha na umesimama penye mtandao, maana video ikikatika njiani unaanza upya. Majibu huweza kuchukua hadi siku tano za kazi. Ikikataliwa, tazama ni lipi kati ya yale matatu halikuonekana, urekodi tena.

Akaunti ni ya nani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya vijijini. Mwenye duka hana Gmail au amesahau nywila, basi kijana wa steshenari anasema, "Mama, nitakusajilia kwa yangu." Kazi inaisha kwa dakika kumi na wote wanafurahi. Lakini kwenye mfumo, mwenye duka sasa ni kijana. Akihama, akipoteza simu, au mkikosana, huwezi kubadilisha hata saa za kufungua, na malalamiko ya mteja anaweza kuyajibu yeye tu.

Nakubali kwamba kijana anajua simu kuliko wewe, na msaada wake unafaa. Mpe kazi, usimpe umiliki. Mfumo una ngazi mbili: mmiliki na meneja. Fungua kwa akaunti yako, kisha mwongeze yeye kama meneja. Ataweza kubadilisha picha na saa, lakini hawezi kukuondoa wala kumpa duka mtu mwingine.

Ukikuta duka tayari limechukuliwa na akaunti usiyoijua, bonyeza sehemu ya kuomba ruhusa, iliyoandikwa "Request access". Ombi linakwenda kwa aliyelishika, naye ana siku tatu za kujibu. Asipojibu, unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha kwa ushahidi wako mwenyewe. Kama unamfahamu, mpigie kwanza. Mara nyingi ni kijana yule yule wa steshenari, na atakukabidhi bila ugomvi.

Ukishapata, rekebisha manne tu

Ukiwa umeingia kwa akaunti yako, andika "my business" kwenye Google, duka lako litakuja na sehemu ya kuhariri.

Anza na alama ya ramani. Isogeze hadi iwe juu ya paa la duka lako, si katikati ya mji. Kwenye maeneo yetu, ambako wengi bado huelekezana kwa mwembe na mnara wa simu, alama ndiyo anwani.

Kisha jina. Andika lile lile lililo kwenye bango. Usiongeze "mbegu bora mbolea nafuu dawa Ilula" ukidhani utapanda juu. Hilo ni kinyume cha kanuni, na duka linaweza kusimamishwa lisionekane kabisa. Maneno hayo yana mahali pake, nako ni kwenye aina ya biashara. Duka letu lingetoka "Store" likawa "Fertilizer supplier", au aina nyingine inayolingana na kinachouzwa kwa wingi.

Tatu, simu na saa. Weka laini inayopokelewa, na saa za kweli. Mkulima aliyelipa bodaboda akakuta kufuli hatarudi, na huenda akaandika hivyo kwenye maoni.

Nne, tovuti, kama unayo. Ifungue wewe mwenyewe kwa kuigusa pale kwenye ramani. Zamani Google ilitoa tovuti za bure zenye anwani inayoishia na business.site, lakini Machi 2024 zilizimwa. Ukikuta anwani ya namna hiyo, ifute, maana inampeleka mteja ukutani. Kama huna tovuti, acha wazi. Duka lenye alama sahihi na simu inayopokelewa linauza bila tovuti.

Wasiohitaji alama

Si kila mmoja wenu afanye hivi sawasawa. Kama unauza vifaranga au miche ukipeleka kwa wateja, na hawaji nyumbani kwako, ficha anwani na utaje maeneo unayofika. Mfumo unaruhusu, na hakuna sababu ya kuchora njia ya kwenda chumbani kwako. Wala kuchukua umiliki si uzio. Watu bado wanaweza kupendekeza mabadiliko, na mengine yakapita. Tofauti ni kwamba sasa unayaona na unaweza kuyarudisha. Tenga siku moja kila mwezi ya kutazama.

Siku hiyo hiyo tazama pia hesabu ya waliopiga simu na walioomba njia, ipo kwenye sehemu iliyoandikwa "Performance". Waliotazama wakiwa wengi na waliopiga simu wakiwa wachache, kagua namba na saa. Walioomba njia wakiwa wengi na hawafiki, nenda ng'ambo ya barabara, washa ramani, uifuate hadi mwisho kama mgeni. Ikikufikisha kwa jirani, umejua wateja wako wamekuwa wakinunua wapi.