Herufi ya Kwanza ya Jina Isimpe Mtu Nafasi

Wenzangu wa elimu tuliorudi kutoka mazoezi ya kufundisha, tuongee kidogo kuhusu ile safu ya mwisho kwenye karatasi ya matokeo, ile iliyoandikwa NAFASI. Wengi wetu tumeijaza kwa Excel, usiku, huku mwalimu wa taaluma akitaka kazi asubuhi. Msimamo wangu ni kwamba katika shule nyingi safu hiyo inawadhulumu watoto kimya kimya, na dhuluma hiyo inatokea pale tu alama zinapofungana.

Chukua darasa dogo la mfano, wanafunzi sita, majina yamepangwa kialfabeti kama kawaida ya daftari la mahudhurio. Jumla zao ni hizi: Asha 498, Baraka 512, Furaha 471, Juma 498, Neema 455, Zawadi 498. Baraka ni wa kwanza, hilo halina mjadala. Ila Asha, Juma na Zawadi wana 498 kila mmoja. Nani wa pili?

Njia ya haraka ambayo nimeiona ikitumika ni kupanga jumla kutoka kubwa hadi ndogo, halafu kuandika 1, 2, 3 na kuvuta panya hadi chini. Excel ikipanga, waliofungana inawaacha kwa mfuatano ule ule waliokuwa nao mwanzo. Na mwanzo walikuwa kialfabeti. Kwa hiyo Asha anakuwa wa 2, Juma wa 3, Zawadi wa 4. Wengine wanatumia fomula ambayo inaonekana ya kitaalamu zaidi, ambayo inazunguka sana mitandaoni:

```
=RANK.EQ(C2,$C$2:$C$7)+COUNTIF($C$2:C2,C2)-1
```

Kumbe nayo inafanya kilekile. Kipande cha pili kinahesabu ni mara ngapi alama hiyo imeshatokea kutoka mstari wa juu hadi hapa ulipo, kisha kinamshusha mtu kwa idadi hiyo ukitoa moja. Yaani aliyeandikwa juu anashinda. Kama shule inatoa zawadi kwa watatu bora siku ya kikao cha wazazi, Zawadi anabaki amekaa kwa sababu jina lake linaanza na Z. Na hili si la siku moja. Kila akifungana na mtu, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, atashindwa yeye. Shule niliyofanyia mazoezi binti mmoja aliniuliza mbona yeye na mwenzake wana jumla moja ila nafasi mbili. Ofisi ilijibu kwamba kompyuta ndiyo imepanga. Kompyuta haikupanga kitu pale, ilifuata alfabeti tu.

Jibu la kwanza ni kuacha sare iwe sare. Fomula fupi inatosha:

```
=RANK.EQ(C2,$C$2:$C$7)
```

Baraka anapata 1, wale watatu wote wanapata 2, Furaha anapata 5 na Neema 6. Zile alama za dola msizidharau. Ukizisahau, eneo la kuhesabu linateremka pamoja na fomula, na wa mwisho kwenye orodha analinganishwa na nafsi yake tu. Ukiona mtoto wa mstari wa chini kabisa ni wa kwanza, angalia dola.

Kuna walimu wanaokataa hiyo 5. Wanasema baada ya 2 inakuja 3, hivyo Furaha awe wa 3 na Neema wa 4. Inapendeza machoni, lakini ripoti ya Neema itasomeka "nafasi ya 4 kati ya 6" wakati waliomzidi ni watano. Mzazi amedanganywa. Nafasi maana yake ni idadi ya waliokuzidi, ongeza moja. Hapo hapo una kipimo cha kukagua kazi yako: chagua mwanafunzi yeyote, hesabu kwa kidole wenye jumla kubwa kuliko yake, ongeza moja. Kama haifanani na kilichoandikwa, kuna tatizo. Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kwenye kuogelea mita 100 mtindo wa kipepeo kwa wanaume, waogeleaji watatu walimaliza kwa sekunde 51.14 sawasawa, akiwemo Michael Phelps. Wote watatu walipewa fedha, na shaba haikutolewa kwa mtu, maana hapakuwa na wa tatu.

Sasa, zawadi zikiwa tatu tu na waliostahili ni wanne, lazima sare ivunjwe. Hapa ndipo safu ya pili inapoingia. Wengi hukimbilia Hisabati: mwenye Hisabati kubwa anatangulia. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya hesabu yenyewe. Hisabati imeshahesabiwa ndani ya ile 498. Kama jumla ni sawa na Juma amemzidi Asha Hisabati kwa alama 13, basi Asha amemzidi Juma alama 13 zile zile kwenye masomo mengine yakijumlishwa. Ukimpa Juma nafasi, umelihesabu somo moja mara mbili na kusema Kiswahili na Historia ni vya kujazia tu. Nyie wa sanaa mnisikie hapo.

Safu ya pili itoke nje ya jumla. Mtihani wa katikati ya muhula unafaa, mradi haujajumlishwa tayari kwenye matokeo. Tuseme safu ya D ina alama hizo: Asha 463, Juma 480, Zawadi 480. Fomula ni hii:

```
=RANK.EQ(C2,$C$2:$C$7)+COUNTIFS($C$2:$C$7,C2,$D$2:$D$7,">"&D2)
```

Kipande kilichoongezwa kinauliza swali moja: kati ya wenye jumla kama yangu, wangapi wamenizidi kwenye D? Asha amezidiwa na wawili, anakuwa wa 4. Juma na Zawadi hawajazidiwa na mtu, wanabaki wa 2 wote wawili. Zawadi tatu zinawatosha Baraka, Juma na Zawadi, na Asha ukimwita unaweza kumwonyesha namba iliyomwacha nyuma. Wangefungana hata kwenye D, fomula haibuni tofauti. Inakuachia sare uitatue kwa uwazi.

Ila safu hiyo itangazwe kabla ya mtihani. Kombe la Dunia 2018, Senegali na Japani walifungana kundi H kwa kila kitu: pointi 4, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na wao kwa wao 2-2. Ikaamuliwa kwa kadi: Japani walikuwa na njano nne, Senegali sita, Senegali wakarudi nyumbani. Iliuma, na mimi bado naona kadi ni kigezo kibaya, lakini kilikuwa kimeandikwa kwenye kanuni kabla mpira haujaanza. Mwalimu anayechagua safu ya pili baada ya kuona majina ya waliofungana, hata akiwa na nia safi, anakuwa tayari anajua nani atashinda.

Kwa ripoti za kawaida za muhula, ambako hakuna zawadi wala nafasi ya kugombaniwa, sioni haja ya safu ya pili kabisa. Andika "2" mara tatu. Na mzazi akiuliza wa tatu na wa nne wako wapi, mwambie hawapo muhula huu.