Jina Si Ufunguo

Mwandishi mmoja anadai kuwa majedwali mawili yasiyotajiwa safu ya pamoja yaunganishwe kwa jina, maana kila mtu analo. Naam, na wengine wana lilelile! Katika kikundi cha akiba, kina Juma Ally wawili watachanganyiwa michango, na Mohamed aliyeandikwa Muhammed kwenye malipo ataonekana hajalipa.

Namba za simu anazikataa kuwa ufunguo, eti hazilingani. Hazilingani kwa macho tu: 0712 na 255712 ni mianzo ya simu ileile. Ondoa nafasi, chukua tarakimu 9 za mwisho:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Kwenye orodha ya wanachama, kila ufunguo utokee mara moja. Mistari ya malipo ikiongezeka baada ya kuunganisha, huenda kuna wanaotumia simu moja. Hao waamuliwe kwa mkono.